Taarifa ya habari ya redio kama zoezi la -me-, -ta- na kutendwa: kwa nini wanafunzi wangu wanaweka -li- kwenye wakati ujao? (majibu yamo, naomba myakague)

Mwl_Nyendo

Habari zenu ndugu. Nafundisha Kiswahili kidato cha 2 hapa Masaka. Darasani karibu wote ni watoto wa Luganda. Mimi nimekulia Arua, na Luganda changu ni cha sokoni tu.

Wiki iliyopita niliweka kando jedwali la nyakati, nikatunga taarifa fupi ya habari ya redio. Wanafunzi waliisoma kwa zamu kama watangazaji, kisha nikaigeuza karatasi ya zoezi. Habari zote ni za kubuni, na sikutaja jina la mahali popote. Watoto hupiga picha karatasi na kuzituma nyumbani, na sitaki mzazi aamini kwamba daraja la kwao limekwenda na maji.

Taarifa yenyewe hii hapa:

*Hii ni taarifa ya habari. Kwanza muhtasari. Daraja la bondeni limesombwa na maji. Kituo kipya cha afya kitafunguliwa wiki ijayo. Na mwizi amekamatwa na mabati ya shule.*

*Sasa habari kamili. Daraja la mbao la bondeni limesombwa na maji kufuatia mvua kubwa iliyonyesha usiku wa kuamkia leo. Hakuna aliyejeruhiwa, lakini wanafunzi wa ng'ambo wameshindwa kufika shuleni. Mhandisi wa wilaya amesema daraja la muda litajengwa kabla ya Jumatatu, na mbao zimeshanunuliwa.*

*Kituo kipya cha afya kitafunguliwa Jumatano ijayo. Vitanda 20 vimepokelewa, ila dawa bado hazijaletwa. Mganga atakayesimamia kituo hicho atatangazwa kesho.*

*Polisi wamemkamata mwizi wa mabati ya shule. Mabati 12 yamepatikana nyumbani kwake. Atafikishwa mahakamani Ijumaa.*

*Hali ya hewa: mvua itaendelea kunyesha nyanda za juu. Wakazi wa miteremkoni wameshauriwa kuhamia sehemu salama. Na huo ndio mwisho wa taarifa ya habari.*

Ukiisoma kwa utulivu inachukua kama dakika moja na nusu, na kila mtoto anapata zamu yake.

Karatasi ya zoezi. Sehemu ya kwanza ni kujaza pengo kwa kitenzi kilichopo kwenye mabano:

1. Daraja la bondeni ______ na maji usiku wa kuamkia leo. (somba)
2. Mbao za daraja jipya ______ tayari. (nunua)
3. Vitanda 20 ______ na mganga mkuu. (pokea)
4. Dawa bado ______. (leta)
5. Kituo cha afya ______ Jumatano ijayo. (fungua)
6. Mganga ______ kituo hicho atatangazwa kesho. (simamia)
7. Mtu huyo ______ mahakamani Ijumaa. (fikisha)

Sehemu ya pili ni kugeuza sentensi ili anayetendewa aje mbele:

8. Polisi wamemkamata mwizi.
9. Mhandisi atajenga daraja la muda.
10. Mganga atawapa wagonjwa dawa.
11. Fisi ameua mbuzi watatu.

Majibu yangu: 1 limesombwa. 2 zimenunuliwa. 3 vimepokelewa. 4 hazijaletwa. 5 kitafunguliwa. 6 atakayesimamia. 7 atafikishwa. 8 Mwizi amekamatwa na polisi. 9 Daraja la muda litajengwa na mhandisi. 10 Wagonjwa watapewa dawa na mganga. 11 Mbuzi watatu wameuawa na fisi.

Kila jibu la sehemu ya kwanza nalipa alama 3: moja ya ngeli, moja ya wakati, moja ya umbo la kitenzi. Aliyeandika "daraja imesombwa" anapata 2, na anaona mwenyewe alipoteleza.

Sasa shida yangu. Karibu theluthi ya darasa wameandika namba 5 "kilifunguliwa Jumatano ijayo" na namba 7 "alifikishwa". Hao hao ukiwauliza kwa mdomo wanasema "kesho nitakwenda" bila kukosea. Jambo la pili ni msichana mmoja aliyeandika "lilisombwa" namba 1. Nilimkata alama ya wakati, akaja mezani kunibishia kwamba hajakosea. Nimekosa la kumjibu.

Chipukizi256

Mwalimu, asante kwa skripti. Mimi nataka sana kuwa msomaji wa habari. Je, redio za huku kwetu zinachukua watu wa Kiswahili, au lazima uwe na cheti?

Mwl_Nyendo

Mdogo wangu, hilo silijui. Hapa tunajadili zoezi la darasani. Ila isome hiyo taarifa kwa sauti ujirekodi, haitakudhuru.

Mzee_Koboko

Mwalimu, usihangaike. Kanuni ni moja: -me- haikai na neno la wakati. Ukishataja saa, siku au usiku, unaweka -li-. Kwa hiyo yule binti ana haki, na namba 1 jibu ni "lilisombwa" tu. Na kutendwa nako ni kuingiza w kabla ya irabu ya mwisho, basi: piga, pigwa, jenga, jengwa. Kiswahili tulichojifunza sisi utotoni hakikuwa na mambo mengi.

Binti_Buddu

Shikamoo Mzee. Kwa piga na jenga upo sawa. Sasa kaingize w kwenye nunua na pokea uone utapata nini. Nitalirudia hilo. Kwanza nimjibu Mwalimu swali lake, maana hao watoto nawajua, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Mwalimu, hiyo -li- hawajaiokota kwenye Kiswahili. Wametoka nayo nyumbani. Katika Luganda "aligenda" maana yake ni "atakwenda", tena si leo wala hivi karibuni, ni huko mbele: mwaka ujao, siku fulani ijayo. Ndigenda, oligenda, aligenda, zote ni wakati ujao wa mbali. Na ukitaka kusema mtu alikwenda zamani unasema "yagenda", haina -li- ndani yake. Sasa mtoto anaona "Jumatano ijayo", kichwa chake kinamwambia siku hiyo iko mbali, mkono unaandika -li-. Kwake haoni kosa lolote.

Ndiyo maana "kesho nitakwenda" hawaikosei. Ile wameisikia mara nyingi mpaka imekaa mdomoni kama ilivyo. Kosa linatoka pale siku inaposogea mbali na kitenzi kinapokuwa kigeni, kama "funguliwa" na "fikishwa". Jaribu uwape "kesho" na "mwaka ujao" kwenye karatasi moja. Nadhani makosa mengi utayakuta kwenye "mwaka ujao".

Na kaa tayari kwa la pili. Luganda kina wakati ujao wa karibu, "anaagenda", a ikivutwa. Mtoto akisikia Kiswahili chako "anaenda" anaweza kuelewa "atakwenda baadaye leo". Kwa hiyo alama mbili za Kiswahili, -na- na -li-, zote kwake zinanusa wakati ujao, na -ta- inabaki mgeni asiye na ndugu. Kumwambia tu "-li- ni wakati uliopita" hakumsaidii. Mwandikie "aligenda" ya Luganda na "alikwenda" ya Kiswahili kwenye mstari mmoja, umwonyeshe kwamba moja inatazama mbele na nyingine nyuma.

Mwl_Nyendo

Dada, miaka 3 nafundisha hapa na hakuna aliyewahi kuniambia hili. Nilidhani ni uvivu wa kusoma. Nimejisikia vibaya nikikumbuka nilivyowakaripia.

Kalamu_Jinja

Mwalimu, mimi nimehariri na kusoma habari kwa miaka 9, naomba niingie hapo kwa yule msichana.

Ana haki, ila si kwa sababu aliyoitoa Mzee. "Daraja limesombwa na maji usiku wa kuamkia leo" tunaisoma hewani kila msimu wa mvua na hakuna anayeshtuka. -me- inakaa vizuri na leo, sasa, tayari, wiki hii, kwa sababu jambo bado liko mbele ya macho ya msikilizaji: daraja halipo, na asubuhi hii watoto hawavuki. Inapokwaruza ni pale wakati umefungwa ukaisha. "Mwaka 2010 daraja limesombwa" hapana, hapo ni "lilisombwa". Kwa hiyo kosa la namba 1 limo kwenye karatasi yako, Mwalimu. Hujamwambia mtoto taarifa inasomwa lini. Habari haina wakati mpaka ujue saa ya kusomwa. Ukiweka juu ya karatasi "Inasomwa Alhamisi saa 1 asubuhi", pengo linabana.

Hata hapo ningempa alama zote aliyeandika "lilisombwa", kwa sababu ndani ya taarifa halisi zote mbili zinaishi pamoja. Sentensi ya kwanza ya habari inakuja na -me-, maana ndiyo inayobeba kilichopo sasa. Zinazofuata zinarudi nyuma kusimulia, zinachukua -li-. Skripti yako imejaa -me- mpaka mwisho na inasikika kama muhtasari mrefu. Mimi habari ya daraja ningeiandika hivi:

*Daraja la mbao la bondeni limesombwa na maji. Mhandisi wa wilaya, aliyefika hapo alfajiri, amesema daraja la muda litajengwa kabla ya Jumatatu. Nguzo mbili zilikatika mwendo wa saa 8 usiku, na mbao zilichukuliwa na maji hadi shamba la jirani.*

Sikiliza inavyotembea: limesombwa ndiyo habari, litajengwa ndiyo matumaini, zilikatika na zilichukuliwa ndiyo masimulizi. Mtoto akiuona mwendo huo mara moja, ataanza kuusikia kwenye redio ya nyumbani.

Kuna mambo mawili mengine yangenirudishia skripti hiyo mezani. Umeandika "mwizi". Mpaka mahakama iseme, huyo ni mtuhumiwa. Kutendwa kunakusaidia hapo: "mtu mmoja anayetuhumiwa kuiba mabati". Na "amekamatwa na mabati ya shule" isome tena polepole. Kwenye namba 8 umewafundisha kwamba baada ya kitenzi cha kutendwa "na" inamtaja mtendaji: amekamatwa na polisi. Sasa hapa mabati ndiyo yamemkamata? Mtu mzima ataelewa, mwanafunzi atakwama. Andika "amekamatwa akiwa na mabati".

Mzee_Koboko

Haya, kwa "tayari" na "sasa" nakubali. Lakini "leo asubuhi amefika" bado inanichoma sikio. Asubuhi imepita, wakati umefungwa kama ulivyosema mwenyewe. Ni "alifika".

Kalamu_Jinja

Mzee, hapo sitakubishia sana. Wasomaji wenzangu wenyewe hatukubaliani. Nikisoma saa 7 mchana husema "leo asubuhi amefungua". Mwenzangu wa zamu ya jioni hulibadilisha likawa "alifungua".

Wakala_Malaba

Nimeusoma uzi wote kwa sababu neno kama hili lilinigharimu. Mimi ni wakala wa forodha, sijasomea Kiswahili, lakini barua kwa wenye mizigo naandika kila siku.

Mwaka jana magunia ya mahindi yalilowa ndani ya lori, turubai lilikuwa na tundu. Nikamwandikia mwenye mali: "Magunia 40 yameharibiwa njiani." Maana yangu ilikuwa yamepata unyevu. Yeye akasoma kwamba kuna mtu ameyaharibu, akataka jina la dereva, akazuia malipo ya safari. Wiki 2 tunavutana. Mwisho mzee mmoja wa yadi akaniambia ningeandika "yameharibika". Nilifikiri ni neno lile lile.

Mwalimu, tafadhali weka hilo kwenye karatasi yako. Wengine tutakuja kulilipia pesa.

Binti_Buddu

Kaka, pole. Na Mwalimu, hili linakugusa kwenye habari ya polisi. "Mabati yamepatikana": je, wanafunzi hawakukuambia ni kutendwa?

Mwl_Nyendo

Waliniambia, wengi tu. Nilipowaambia wapigie mstari vitenzi vyote vya kutendwa, "yamepatikana" ilipigiwa mstari karibu kila karatasi.

Binti_Buddu

Mpe mtoto kipimo cha "na nani". Limevunjwa na nani? Swali linajibika: na vijana, na lori, na mafuriko. Limevunjika na nani? Swali linakufa. Mabati yamepatikana na polisi, Kiswahili hakipendi. Utasema yamekamatwa na polisi, au polisi wameyapata. Kipimo hicho kinamtenga -w- na -k- bila kutaja majina ya kauli.

Sasa lile la Mzee la kuingiza w. Vitenzi vinavyoishia irabu mbili, nunua, pokea, toa, fungua, vinaleta l: nunuliwa, pokelewa, tolewa, funguliwa. Wengi hufundisha kama orodha ya kukariri. Kwa mtoto wa Luganda huna haja ya orodha, kwa sababu l hiyo anayo. Sisi tunasema okuzaala, Kiswahili kinasema kuzaa. Sisi okutwala, Kiswahili kutwaa. Sisi enjala, Kiswahili njaa. Kiswahili kimeidondosha l katikati, lakini kitenzi kinapotendwa inarudi: zaliwa, twaliwa. Mwambie mtoto "l iliyofichwa inatoka", uone kama atasahau.

Ikishabaki l, kinachomchanganya ni -iwa au -ewa. Hapo asikilize irabu iliyo kabla: e na o zinaita -ewa, ndiyo pokelewa na tolewa, a, i na u zinaita -iwa, ndiyo zaliwa na nunuliwa. Ingawa kwa namba 3 mimi nasikia watu wengi tu wakisema "vimepokewa". Ningempa alama.

Kalamu_Jinja

Kwenye skripti tunaandika "vimepokelewa", na mtoto nisingemkata.

Ila namba 11 ningeichunga. "Ua" inataka kwenda kwenye "uliwa" kwa kufuata mwenendo huo wa nunua, na wapo wanaosema hivyo, lakini hewani tunasoma "uawa". Kwenye habari ya fisi mtoto akiandika "mbuzi watatu wameliwa", hajakosea umbo, ila habari imebadilika: mbuzi wameingia tumboni. Mmiliki wa mbuzi angependa kujua kama mizoga ipo.

Mwl_Nyendo

Nimerudi. Nimefanya zoezi upya kwa darasa lile lile, na nimefuata ushauri wa Kalamu kwa namna yangu. Nilichukua habari moja tu, ya kituo cha afya, nikaitengenezea taarifa tatu, kila moja na siku yake juu:

*Inasomwa Jumatatu saa 1 asubuhi:* Kituo kipya cha afya ______ keshokutwa. Dawa bado ______.

*Inasomwa Jumatano saa 1 jioni:* Kituo kipya cha afya ______ leo. Wagonjwa wa kwanza ______ dawa.

*Inasomwa Jumatano ya wiki inayofuata:* Kituo cha afya ambacho ______ wiki iliyopita ______ umeme Ijumaa ijayo.

Majibu: kitafunguliwa, hazijaletwa, kimefunguliwa, wamepewa, kilifunguliwa, kitawekewa.

Kabla ya kuandika, niliwaweka wasomaji watatu mbele, kila mmoja na siku yake kifuani. Nikataja "kituo kufunguliwa", na kila mmoja alitakiwa aisome habari kwa siku yake. Msomaji wa Jumatatu alianza, "Kituo cha afya kilifung…" Darasa likamzomea kwa upole, akajirekebisha mwenyewe: "kitafunguliwa." Halafu nikaandika "aligenda" na "alikwenda" ubaoni kama alivyosema Binti. Kimya kidogo, kisha kicheko. Mvulana mmoja akasema, "Mwalimu, kumbe ndiyo hiyo!"

Kwenye karatasi, -li- ya wakati ujao imebaki kwa wachache sana. Yule msichana nimemrudishia alama yake mbele ya wenzake.

Yaliyobaki ni mawili. "Hazimeletwa" bado ipo. Kukanusha -me- kwa -ja- hawajaizoea, na nadhani dawa yake ni kurudia tu. La pili ni namba 6. Wengi wameandika "mganga atayesimamia". Nimewaambia -ta- ikibeba kirejeshi inakuwa -taka-, wakaandika "atakayesimamia". Dakika kumi baadaye, "daraja litalojengwa".

Binti_Buddu

Hiyo "atayesimamia" na "litalojengwa" utazisikia hata kwa watu wazima wanaoongea Kiswahili tangu utoto, kwa hiyo watoto wanaisikia mtaani na kwenye nyimbo. Mimi naiacha kwenye mazungumzo na kuikata kwenye maandishi. Wape "atakaye", "litakalo", "yatakayo" kama vipande vizima vya kusoma kwa sauti kwenye skripti, wavizoee sikioni kabla ya kuvichambua.

Kalamu_Jinja

Na kwenye skripti ijayo weka kirejeshi cha -me- pia, maana huko nako kuna shimo. Kuna atakayeandika "mtu amekamatwa jana atafikishwa mahakamani" akitaka kusema "mtu aliyekamatwa jana". Kirejeshi kikiingia katikati ya kitenzi, -me- inaondoka na -li- inakaa mahali pake, hata kama jambo ni la sasa hivi: "barabara iliyofungwa" ni barabara ambayo imefungwa na bado imefungwa. Hapo ndipo watoto wako watakapodhani -li- imewasaliti tena.

Mwl_Nyendo

Hilo sikuliwaza kabisa. Nitaandika habari ya barabara wikendi hii, niilete hapa muikague kabla ya Jumatatu.

Mzee_Koboko

Ilete. Na usiweke "leo asubuhi imefungwa".